Jibu la Mwaka 2013 kwa Mama Aliyehamia Mwaka Jana

Mimi ni afisa kumbukumbu katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Sitaitaja, kwa sababu watu ninaowaeleza humu bado wanatibiwa pale, na hakuna hata mmoja wao aliyeomba habari zake ziandikwe. Nitaeleza namba zetu zilivyofanya kazi, kisha jinsi zilivyompa mtu damu ambayo si yake kwenye maandishi.

Mgonjwa akija kwetu mara ya kwanza hupewa namba ya tarakimu sita, tuseme 214736. Namba hiyo huandikwa juu ya jalada la faili, kwenye kadi anayoondoka nayo, na kwenye kila fomu ya vipimo. Rafuni faili halitafutwi kwa kuanzia tarakimu za mwanzo. Tunaanza na mbili za mwisho: 36 ni rafu, 47 ni sehemu ndani ya rafu hiyo, 21 ni nafasi ya faili lenyewe. Mgeni huona tunajisumbua, lakini mpango huu umetuokoa miaka mingi. Tungepanga kwa mfuatano wa kawaida, mafaili mapya yote yangerundikana mwisho wa rafu moja, na kila asubuhi makarani wangesukumana kwenye ngazi ileile. Kwa mpango wa tarakimu za mwisho, mafaili 100 yanayofuatana huenda rafu 100 tofauti.

Mpango huohuo una tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata. Mafaili ya watu wasiorudi kwa miaka mingi yakiondolewa na kufungwa kwenye maboksi, mapengo hayabaki mahali pamoja. Yanabaki kila rafu, huku moja, kule mawili. Huwezi kusema rafu fulani imekuwa tupu sasa tuijaze. Mzee aliyekuwa mkuu wa masijala kabla yangu alikuwa na mapengo ya namna hiyo kila upande, wagonjwa wapya mlangoni, na barua yake ya kuomba rafu mpya imekaa bila majibu. Mwaka 2016 alifungua daftari la namba zilizo wazi. Faili la zamani likiondoka, namba yake inaandikwa mle. Mgonjwa mpya akija, anapewa namba kutoka mle.

Ninataka hili lieleweke vizuri, maana baadaye watu walimsema vibaya mzee huyu: kwenye karatasi, uamuzi wake haukumdhuru mtu. Majibu ya vipimo ya mgonjwa wa zamani yalikuwa vipande vya karatasi vilivyobanwa ndani ya faili lake. Faili lilipoingia kwenye boksi, majibu nayo yaliingia. Mgonjwa mpya alianza na jalada tupu. Ni kama chumba cha kupanga: mpangaji akihama na vyombo vyake vyote, namba ya mlango inabaki kumsubiri mwingine.

Ila maabara walikuwa na kompyuta yao tangu 2011, na kompyuta ile haikuwahi kuhama na mtu yeyote. Ilitunza kila jibu kwa namba ya mgonjwa, aina ya kipimo, tarehe na jibu lenyewe. Jina haikulitunza. Mwaka 2019 hospitali ilipofunga mfumo mmoja wa kila idara, majibu yote ya maabara tangu 2011 yalihamishiwa humo na kuunganishwa na orodha ya wagonjwa kwa kitu kimoja tu, ile namba ya tarakimu sita. Jina linaloonekana juu ya jibu, kwenye kioo na kwenye karatasi inayochapwa, mfumo hulitoa kwenye orodha ya wagonjwa wa leo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Karatasi inatoka na jina lako kamili, umri wako na namba yako, haina kasoro yoyote ya kuonekana, lakini damu iliyopimwa ni ya mtu mwingine.

Tuliligundua kupitia muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Aliingia masijala akiwa na mama mmoja mwenye ujauzito wa wiki 24, akaniomba nimtolee faili. Kwenye mfumo, mama huyo alikuwa na kundi la damu O chanya, na kwa kuwa jibu lilikuwepo, asingepimwa tena. Vitendanishi vilikuwa vimebaki kidogo, na utaratibu ulikuwa kwamba kundi la damu lililokwisha kupimwa halirudiwi. Mama alikataa.

"Mimi ni hasi, dada," alimwambia muuguzi. "Nilipimwa Nzega mimba ya kwanza. Nilipojifungua wakanichoma sindano, wakaniambia popote nitakapokwenda niseme kwamba mimi ni hasi."

Muuguzi angeweza kumwambia kwamba kompyuta haidanganyi, kama wengi wanavyosema. Badala yake aliuliza, "Mama, hapa kwetu umeanza kutibiwa lini?"

"Mwaka jana, tulipohamia."

Jibu la O chanya lilikuwa la mwaka 2013.

Kwa asiyejua uzito wake: chanya au hasi ya kundi la damu huonyesha kama damu ina protini iitwayo Rh au haina. Mama hasi, yaani asiye na Rh, akibeba mtoto mwenye Rh, damu ya mtoto inaweza kuingia kwenye damu ya mama, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wa mama ukiiona damu hiyo kuwa ngeni hutengeneza kingamwili. Mtoto yule wa kwanza huwa ameshazaliwa salama, lakini wa mimba inayofuata akiwa na Rh, kingamwili zile hupita kwenye kondo na kuvunja damu yake. Anaweza kuzaliwa na upungufu mkubwa wa damu na manjano kali, au akafia tumboni. Kinga yake ni sindano ya anti-D, ambayo hutolewa karibu na wiki ya 28 ya ujauzito, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana Rh. Kingamwili zikishatengenezwa, sindano hiyo haizifuti. Kwa mama aliyeandikwa O chanya, hakuna atakayeikumbuka sindano hii, si wiki ya 28 wala baada ya kujifungua.

Faili la mama lilikuwa jembamba, karatasi zake zote za mwaka jana na mwaka huu. Halikuwa na jibu lolote la 2013. Nikamuuliza fundi wa mfumo kama anaweza kuniambia jibu lile liliingia vipi. Akasema liliingia pamoja na mengine ya kompyuta ya zamani ya maabara, na namba inalingana. Kwake yeye, kulingana kwa namba kulimaliza swali.

Mimi nilitazama namba zenyewe. Kwa miaka mingi zilitolewa kwa kupanda, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, usajili ni wa zamani. Namba ya mama, nitaendelea kuiita 214736, ilikuwa na jirani wa kushoto, 214735, na wa kulia, 214737. Wote wawili walisajiliwa 2012. Yeye aliyekaa katikati yao alisajiliwa mwaka jana. Karani akikosea kuandika tarakimu hupata namba yoyote ile, na hakuna sababu ya kosa lake kuangukia namba iliyoachwa wazi kwenye daftari. Namba hii ilikuwemo kwenye daftari, kwa mwandiko wa mzee.

Nilimpigia simu. Alishastaafu, anafuga kuku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Masijala hawajambo?"

Nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama maboksi bado yako kwenye stoo ya nyuma ya jenereta. Nikamwambia yapo. Akanielekeza safu ya ngapi na kwamba niangalie maandishi ya ubavuni mwa boksi. Kisha akasema, "Maabara hawakuniambia kama wanatunza majibu kwa namba zangu. Ningejua, nisingezirudisha."

Boksi lilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na faili 214736 la mwanaume aliyesajiliwa 2012 na kufanyiwa upasuaji wa ngiri 2013. Karatasi ya maabara ilikuwa bado imebanwa na pini yenye kutu: kundi la damu O chanya, tarehe ileile iliyo kwenye mfumo. Sampuli ya mama ilipochukuliwa siku hiyo na kupimwa, ikatoka O hasi.

Mtaalamu wa maabara aliumia sana, na nilimwelewa. Aliniletea rejista yao ya mwaka 2013, kubwa kama meza ndogo, akaweka kidole kwenye mstari: jina la yule mwanaume, umri wake, namba yake ya maabara ya siku hiyo, jibu. Maabara haikuwa imekosea kitu. Kila chupa ilipimwa sawasawa na jibu lake likaandikwa kwa jina la mwenyewe. Kosa liliingia miaka sita baadaye, jina lilipoachwa kwenye rejista ya karatasi na namba peke yake ikavushwa.

Tukaanza kuwatafuta wengine. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi: jibu haliwezi kuwa la zamani kuliko usajili wa mwenye jibu. Fundi aliandika hivi:

```sql
SELECT w.namba, w.tarehe_usajili, m.tarehe_sampuli
FROM majibu m
JOIN wagonjwa w ON w.namba = m.namba
WHERE m.tarehe_sampuli < w.tarehe_usajili;
```

Orodha iliyotoka ilikuwa ndefu, na si yote ilikuwa tatizo letu. Wagonjwa wa dharura wanaoletwa usiku huchukuliwa damu kwanza na kusajiliwa asubuhi ndugu wakifika. Hao hutofautiana kwa saa chache, kwa hiyo tukaacha wote ambao tofauti yao haifiki wiki. Waliobaki walitofautiana kwa miaka. Walikuwemo watoto wadogo wenye majibu ya kabla hawajazaliwa. Alikuwemo kijana wa kiume mwenye kipimo cha ujauzito.

Fundi alidhani tumemaliza. Mimi sikuridhika, kwa sababu wanaume na wanawake niliowakuta kwenye daftari la mzee walikuwa wengi kuliko waliotoka kwenye orodha. Tukachukua namba chache za kwenye daftari tukazifuata moja moja, na sababu ikaonekana. Sehemu ya majibu ya zamani, wakati wa kuhamishwa mwaka 2019, ilipoteza tarehe ya sampuli ikapewa tarehe ya kuhamishwa. Kwa mfumo, jibu la 2012 lilikuwa limepimwa 2019, kwa hiyo aliyesajiliwa 2017 alionekana kama mwenye haki nalo. Ukijua cha kutafuta, majibu hayo yanajionyesha: mamia yana tarehe moja, na saa yake ni 00:00:00, saa ambayo maabara yetu haitoi majibu kwa wingi hivyo. Hayo tuliyakamata kwa kuangalia saa.

Aina ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi, maana tarehe zake zote ni sahihi. Mzee aliondoa mafaili ya watu wasiorudi. Asiyerudi kwa miaka mingi si lazima awe amekufa. Baadhi yao walirudi, wakiwa na kadi zao za zamani walizozihifadhi vizuri kwenye mfuko wa nailoni, na karani wa mapokezi akaandika namba iliyo kwenye kadi. Tangu hapo watu wawili walio hai walikuwa wakitibiwa chini ya namba moja, na majibu mapya ya mmoja yakawa yanaingia kwa mwingine.

Nitaeleza kisa kimoja. Namba ilitolewa kwa mzee mmoja mkulima kabla ya 2012, ikarudishwa, na 2018 akapewa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 2022 mkulima alirudi na kadi yake, akapimwa figo, na kriatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, ikatoka 410, kiwango cha juu sana. Jibu likakaa kwa mwanafunzi. Siku jibu lilipotoka mkulima hakusubiri, alikuwa na safari ya kurudi kijijini kabla magari hayajaisha, na aliporudi baada ya wiki kadhaa, daktari aliona kwenye mfumo jina la mtu mwingine, akadhani kadi imechanganywa, akamwandikia namba mpya na kumpa dawa za presha. Jibu la figo hakuliona. Kwa upande wa pili, mwanafunzi alikuja na malaria, daktari akaliona jibu la 410 kwenye historia yake, akataka kumpa rufaa. Bahati nzuri alimtazama kijana mwenyewe kwanza: hajavimba, presha yake ni nzuri, mkojo wake ni wa kawaida. Akarudia kipimo, ikatoka 78, kiwango cha kawaida. Akaandika "kosa la maabara" na kuendelea.

Maneno hayo matatu yalikuwa yameandikwa kwenye mafaili mengi zaidi kuliko nilivyotarajia. Kila daktari alipokutana na jibu lisilofanana na mgonjwa wake, alirudia kipimo na kulaumu maabara, na hakuna aliyejiuliza jibu lile la kwanza ni la nani. Ninaliona hili kuwa ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mkasa huu, kubwa kuliko daftari la mzee. Jibu baya lisilo la mgonjwa wako ni jibu sahihi la mgonjwa mwingine, na huyo hajaambiwa.

Aina hii ya tatu haina amri ya kompyuta inayoimaliza. Kilichotusaidia zaidi ni kundi la damu, kwa sababu kwa kawaida halibadiliki. Namba yenye majibu mawili ya kundi la damu yanayopingana ina watu wawili, au kuna sampuli iliyochanganywa, na vyote viwili ni vya kufuatilia. Lakini wagonjwa wengi hawajawahi kupimwa kundi la damu hata mara moja, sembuse mara mbili. Kwa hao tulirudi kwenye karatasi: kila namba iliyo kwenye daftari la mzee, kila jibu lake tangu siku iliporudishwa, na jina lililo kwenye rejista ya maabara kwa mkono. Mtaalamu wa maabara alisoma, mimi nikalinganisha, jioni baada ya kazi. Mkulima tulimpata kwa njia hiyo. Simu ilipokelewa na mwanawe. Tulimwambia tu kwamba kuna kipimo cha baba kinahitaji kurudiwa, na wakaja wiki hiyohiyo. Figo zilikuwa zimeshuka zaidi, ila alikuwa bado kwenye hatua ya kusaidiwa kwa dawa na uangalizi, na daktari alimwondolea dawa za maumivu alizokuwa akinunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo.

Kuhusu kurekebisha, kulikuwa na mvutano. Wapo waliotaka majibu yote ya kabla ya 2019 yafutwe. Nilipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mengi ni ya wenyewe, na hata yaliyopotea njia yana mwenye kuyahitaji. Tulikubaliana yafichwe yasionekane kwa daktari mpaka yathibitishwe kwa rejista, kisha yarudishwe kwa mwenyewe. Daftari la namba zilizo wazi lilifungwa siku hiyohiyo. Namba ya tarakimu sita imebaki kuwa anwani ya rafu, na hata ikirudishwa, majibu hayaifuati tena. Mtu mwenyewe sasa ana utambulisho mwingine ndani ya mfumo, usioonekana kwenye kadi na usiotolewa mara ya pili hata akifariki. Jibu la maabara sasa linabeba jina, jinsi na mwaka wa kuzaliwa kama vilivyoandikwa kwenye fomu siku ya sampuli, na visipolingana na vya mgonjwa, halifunguki.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ambayo ina tarakimu 20 na huanza na tarehe ya kuzaliwa. Kwa mtu mzima aliye nayo, tunaiandika. Lakini watoto wengi hawana, na wagonjwa wa ajali huletwa bila hata simu. Watu wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, walituuliza kama wateja wao wameguswa. Hawakuguswa, kwa sababu namba zao hujengwa kwa mkoa, wilaya, kituo, halafu mteja mwenyewe, na hazikuwahi kupita kwenye daftari letu.

Mapokezi ndipo palipokuwa pagumu kubadilisha. Karani amezoea kusema "Kadi yako, mama," na kuandika. Sasa anatakiwa aulize majina matatu na mwaka wa kuzaliwa, na amwache mgonjwa aseme mwenyewe. Ukimuuliza mtu "Wewe ni fulani?" ukiwa umeshalisoma jina, mgonjwa mwenye homa ataitika jina lolote.

Mama wa O hasi alichomwa anti-D wiki ya 28. Dawa haikuwepo kwetu, mume wake aliifuata mjini na kuileta kwenye chombo chenye barafu. Alijifungua mtoto wa kike mwenye Rh, na sindano ya pili ilitolewa siku ya pili yake, ndani ya muda.

Rejista za maabara za miezi kadhaa ya 2014 ziliharibiwa na mvua, paa la stoo lilipovuja. Majibu ya kipindi hicho yaliyo chini ya namba zilizorudishwa hayana tena kitu cha kuyathibitisha, kwa hiyo yataendelea kufichwa. Mganga mfawidhi amekubali kwamba wagonjwa wenye namba hizo wakija wapimwe upya bila malipo, wakianza na wajawazito, na orodha yao imebandikwa maabara na kwenye dawati la mapokezi kwa namba tu, bila majina.